Miezi miwili niliuza hewa: niliyojifunza kwenye banda la skrepa Gongo la Mboto

Mzigo wangu wa kwanza wa makopo, yaani chupa tupu za maji za plastiki, ulikuwa salfeti 30 zilizofungwa juu ya kirikuu mpaka dereva akawa haoni nyuma. Watu wa mtaani walisimama kuangalia. Mimi nilikaa mbele nikiwa nimeshika daftari, najiona tajiri. Tulipofika kwa mnunuzi, mzee wa mizani alinyanyua salfeti moja kwa mkono mmoja, akaitikisa, akaniangalia kwa huruma. "Dada, umeniletea hewa," akasema.

Nilicheka nikidhani ni utani. Jioni nilipopiga hesabu nilikuta nimepoteza shilingi 24,350. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote anayeangalia makopo barabarani na kusema pale kuna hela. Hela ipo, ila haipo mahali unapodhani.

Nilianza baada ya duka nililokuwa nauza kufungwa. Shemeji yangu ana baa, na kila asubuhi alikuwa anamlipa kijana kwenda kutupa chupa za maji na mikebe ya bia. Nikamwomba aniwekee. Baadaye nikakodi kiwanja kidogo nyuma ya gereji, nikapiga bati juu ya nguzo nne, nikanunua mizani ya saa ya kuning'iniza na kuandika kwa chaki mlangoni: TUNANUNUA MAKOPO, PLASTIKI, BOKSI, SKREPA. Vijana wanaopita mitaani na salfeti begani wakaanza kuleta, na wengine walishuka na guta kutoka upande wa Pugu. Mtaji ulikuwa 400,000, akiba ya vikoba pamoja na deni la dada yangu.

Hesabu ya ule mzigo wa kwanza ninayo mpaka leo. Kwa mizani yangu ulikuwa kilo 135, na nilikuwa nimenunua kwa vijana kwa 250 kilo, yaani 33,750. Kirikuu 35,000, wapakiaji 4,000. Jumla iliyonitoka ni 72,750. Mnunuzi alikuwa ameniambia kwa simu kwamba bei ni 400, nami nikazidisha 135 kwa 400, nikaona 54,000. Hata hapo nilikuwa tayari kwenye hasara, lakini sikuona, kwa sababu kichwani nilikuwa nalinganisha 250 na 400 tu. Nauli niliichukulia kama kitu cha pembeni. Mizani yake ikasoma 131, akakata kilo 10 za "maji na uchafu", akanilipa kilo 121. Nikarudi na 48,400.

Sasa nikueleze kwa nini mzee alisema hewa. Chupa ya maji ya nusu lita ni gramu kumi na kitu tu. Kupata kilo moja unahitaji chupa 60 hadi 90, kutegemea kampuni na unene wake. Ukizitia kwenye salfeti zikiwa zimevimba na vizibo vimefungwa, salfeti iliyojaa mpaka mdomoni inakupa kilo nne, nne na nusu. Gari halijali kilo zako. Limejaa, limejaa, na nauli ni ileile. Kwa hiyo nilikuwa nimelipa 35,000 kusafirisha kilo 135, karibu 260 kwa kila kilo. Nauli ilikuwa kubwa kuliko bei niliyonunulia makopo yenyewe.

Dawa yake ni mguu. Fungua kizibo, laza chupa chini, kanyaga kwa kisigino kuanzia kitakoni kuelekea mdomoni ili hewa itoke, kisha tupia. Ukirudisha kizibo baada ya kukanyaga inabaki imelala, lakini mimi sirudishi, na sababu inakuja. Salfeti ileile sasa inaingia kilo 10, mara nyingine 11 ukiwa na kijana mwenye uzito anayeingia ndani kushindilia. Mwanzoni nilikuwa nikikanyaga mwenyewe kwa kandambili, nikachanika kisigino kwa chupa ya kioo iliyokuwa imejificha. Kanyaga ukiwa na gambuti au kiatu chenye soli ngumu, na mimina mzigo chini kwanza uuone.

Kizibo nacho si takataka. Chupa ya maji na kizibo chake ni plastiki mbili tofauti kabisa, na ukitaka ushahidi, kata vipande vya vyote viwili uvitie kwenye beseni la maji. Kipande cha chupa kitazama, cha kizibo kitaelea. Kiwandani hutenganishwa hivyohivyo, kwenye mabeseni makubwa. Mnunuzi anayepokea chupa zenye vizibo na lebo anajua kuna kazi inamsubiri, ndiyo maana anakata. Vizibo ukiviweka peke yake vinakwenda kwenye kundi la plastiki ngumu, pamoja na madumu na ndoo, na wakati huo nilikuwa nauza kundi hilo kwa 500 kilo wakati makopo ni 400. Nilikuwa nampa mtu bure kitu cha bei kubwa, halafu ananikata kilo kwa sababu nimempa.

Kabla ya mzigo wa pili lilinisumbua jambo jingine. Kilo 135 zilikuwaje 131 kabla hata ya makato? Sikutaka kumtuhumu mtu, maana hata mizani yangu ilikuwa ya kununua Kariakoo bila kuipima. Nikachukua dumu la lita 20, nikalijaza maji, nikafunga kizibo vizuri, nikalipeleka kwa jirani anayeuza nafaka ambaye mizani yake ina stika ya Wakala wa Vipimo. Likasoma kilo 21.4. Nikaandika namba hiyo kwenye dumu kwa rangi nyekundu. Kwenye mizani yangu likasoma vilevile, nikapumua. Nikaomba bodaboda, nikaenda nalo kwa mnunuzi, nikijifanya ninapita tu.

"Shikamoo mzee. Naomba nipime dumu langu hapa."

"Marahaba. La nini? Unauza maji siku hizi?"

Vijana wake wakacheka. Nikalitundika. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukatulia robo tatu juu ya 20. Mzee aliangalia, nami nikaangalia, hakuna aliyesema kitu. Nilimshukuru nikaondoka. Sijui kama ni makusudi au springi imechoka, na kwa kweli haijalishi. Kilo 0.65 kwenye dumu moja ni asilimia tatu, na asilimia tatu ya kila mzigo ilikuwa inabaki kwake. Siku hizi kila mnunuzi mpya naenda na dumu langu kwanza. Anayekataa kulipima ameshanijibu.

Mzigo wa pili nilimpelekea mtu mwingine, mizani yake nzuri, na bei yake kwa chupa zilizokanyagwa, kavu, bila kizibo wala lebo ilikuwa 450. Nilinunua kwa vijana kilo 340 kwa bei ileile ya 250, ikawa 85,000. Nikamlipa binti mmoja wa mtaani 10,000 kwa siku mbili za kutoa vizibo na lebo. Baada ya kusafisha zilibaki kilo 315 za chupa, 21 za vizibo, na kilo nne hivi za lebo, tope na maji yaliyokuwa yamebaki ndani. Salfeti zilikuwa zilezile 30, gari lilelile la 35,000, wapakiaji walewale 4,000. Jumla ya gharama 134,000. Mizani ikasoma 313, hakukata kitu, akanipa 140,850. Faida ya makopo: 6,850. Vizibo nikaviuza baadaye kwa 10,500.

Soma hapo tena. Katika mzigo wa kilo 340 uliochukua wiki mbili kukusanya, faida ilikuwa 17,350, na sehemu kubwa yake ilitoka kwenye vizibo. Kama ningeupeleka kwa yule mzee wa kwanza, ile asilimia tatu peke yake ingekuwa kama kilo tisa na nusu, 4,275, zaidi ya nusu ya faida ya chupa. Biashara hii inaishi ndani ya tofauti ndogo namna hiyo. Mtu anayekwambia makopo yanalipa sana, mwombe daftari.

Kuhusu bei, kosa langu la mwanzo lilikuwa kuuliza swali moja: "Kilo shingapi?" Siku hizi nauliza manne, na nawapigia wanunuzi watatu asubuhi kabla sijawapangia vijana bei ya siku. Bei ni ya chupa za hali gani? Unakata asilimia ngapi, na unakata hata kama mzigo ni mkavu? Ni bei ya kukuletea au unakuja kuchukua? Unalipa papo hapo au baada ya siku ngapi? Kuna wakati mnunuzi wa Mbagala alinipa 480, na wa jirani 450. Ungekimbilia wapi? Wa Mbagala alikuwa anakata asilimia nane kwa kila mzigo, hivyo 480 yake ni 441 na senti. Kwenda kwake kirikuu ilikuwa 60,000 badala ya 35,000, na hiyo 25,000 ya ziada ukiigawa kwa kilo 315 ni karibu 80 kwa kilo. Bei yake halisi kwangu ilikuwa kama 362, tena hela baada ya wiki. Wa jirani ndiye aliyekuwa na bei kubwa.

Bei ya kununua kwa vijana naipata kwa kurudi nyuma kutoka bei hiyo halisi: natoa nauli kwa kilo, natoa ya wapakiaji na ya binti wa vizibo, natoa asilimia saba au nane ya kile kitakachopotea kwenye kusafisha, naacha changu, kinachobaki ndicho ninachoandika kwa chaki. Zamani nilikuwa naandika kile anachoandika mwenye banda la jirani. Jirani ana guta lake mwenyewe, mimi nakodi gari, tungewezaje kuwa na bei moja?

Na bei haitulii. Plastiki iliyorejelezwa inashindana na plastiki mpya, na plastiki mpya inatokana na mafuta na gesi, kwa hiyo mafuta yakishuka sana duniani kiwanda kinaona afadhali kununua mpya, sisi huku chini tunaambiwa "bei imeanguka mama, subiri". Shaba na alminiamu nazo zinafuata soko la dunia na dola. Kwa hiyo usilale na mzigo ukiwa umekopa hela ya kuununua. Niliwahi kuhifadhi makopo mwezi mzima nikisubiri bei ipande, nayo ikashuka kwa 70. Kilichoniponza si kushuka kwa bei bali deni.

Boksi nitalisema kwa ufupi, kwa sababu mimi mwenyewe nimeliacha karibu kabisa. Kilo yake ni bei ya chini na linakunywa maji kama sifongo. Masika moja nilinunua kilo 200 jioni, vijana wakisema limelowa umande tu. Baada ya siku nne chini ya bati lilikuwa 165. Kilo 35 za mvua nilizilipia kwa bei ya boksi. Ukitaka kununua boksi, chana moja katikati, ubandike shavuni sehemu ya ndani. Likiwa la baridi, lina maji hata kama juu pamekauka. Mfungo mzito kuliko kawaida ufungue, maana wengine wanaweka mawe au boksi lililochovywa katikati. Na uliweke juu ya chaga, kamwe si juu ya udongo.

Chuma ndicho kilichonivuta, kwa sababu kilo kumi za chuma ni ndogo, hazijazi gari. Ndicho pia kilichonifundisha kwa viboko.

Chombo cha kwanza ni sumaku. Mimi ninayo niliyoitoa kwenye spika iliyokufa, nimeifunga kamba, inaning'inia mlangoni. Ikishika, ni chuma au bati. Isiposhika, inaweza kuwa alminiamu, shaba, au stenlesi ya aina fulani, na hapo ndipo nilipodhani nimeshakuwa fundi. Siku moja kijana alikuja na kilo tisa za nyaya za mota, zile nyembamba zinazong'aa rangi ya kahawia iliyokolea, zilizotolewa kwenye feni na kompresa za friji. Nikaweka sumaku, haikushika. Rangi ni ya shaba. Nikamlipa 11,000 kilo, jumla 99,000, karibu hela yote iliyokuwemo ndani.

Mnunuzi wa shaba hakugusa hata sumaku. Alichomoa uzi mmoja, akausugua kwa tupa mara mbili, akanisogezea machoni. Chini ya ile rangi ya kahawia kulikuwa kweupe. "Hii ni alminiamu imepakwa vanishi, mama. Feni nyingi za siku hizi ndivyo zilivyo." Akanipa 2,500 kilo, nikaondoka na 22,500. Hasara ya 76,500 kwa sababu ya kutokuwa na tupa ya shilingi elfu chache. Yule kijana nilimuuliza baadaye, na naamini naye hakujua. Aliuziwa hivyohivyo na fundi wa kusuka mota. Tangu siku hiyo hakuna uzi unaoingia kwangu bila kukwaruzwa sehemu tatu. Ukikwaruza shaba, inabaki nyekundu mpaka ndani. Brasi, ile ya koki na kufuli, inaonyesha njano. Na pima kwa mkono pia: fungu la alminiamu ni jepesi ajabu ukilinganisha na fungu la shaba la ukubwa uleule, mkono unazoea baada ya wiki chache.

Koki za brasi ziliniletea jambo la pili, na hili nalisema nikiwa bado naona aibu. Kijana nisiyemjua alileta mfuko wenye vipande vya njano vilivyopondwapondwa kwa nyundo. Bei aliyotaka ilikuwa chini ya ninayonunulia. Hilo peke yake lilitosha kunitia shaka, lakini tamaa haina macho. Siku ya tatu walikuja askari wakiwa naye. Vilikuwa vipande vya mita za maji. Nililala kituoni usiku mmoja, na mambo ya kulimaliza yalinigharimu zaidi ya faida ya miezi minne. Sasa nina daftari la pili: jina, namba ya simu, namba ya kitambulisho cha NIDA, kitu alicholeta, kilo, tarehe, sahihi. Asiye na kitambulisho nanunua kwake makopo, sinunui chuma. Na kuna vitu sinunui hata kwa mwenye vitambulisho kumi: mifuniko ya chemba, vibao vya barabarani, mita, vipande vya reli, nyaya nene za umeme, na kitu chochote kilichopondwa makusudi kisitambulike. Ukitaka kufungua banda la chuma, pia jua kwamba chuma chakavu hapa Tanzania kipo chini ya kanuni za taka hatarishi, na kukikusanya na kukisafirisha kunahitaji kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira. Mimi nilianza bila kujua, nikiwa na leseni ya biashara tu. Njia niliyopata ni kufanya kazi chini ya mnunuzi mkubwa mwenye kibali, anakuja kuchukua mwenyewe.

Sasa ya usalama, maana pale bandani nimeona damu mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Betri ya gari ndiyo iliyonitisha zaidi. Kijana aliileta kwenye guta, ameilaza ubavu juu ya vyuma vingine, na yeye amekaa jirani nayo. Alipoteremka alikuwa anajikuna paja. Kaptura yake ilianza kutoboka mbele ya macho yetu, vitundu vidogo vikipanuka kama nguo iliyoliwa na panya. Yale ni maji ya tindikali, asidi ya salfa. Watu wakaanza kelele, mmoja lete dawa ya meno, mwingine lete yai. Nilimvua kaptura hapohapo na kumwagia maji ya bomba, dumu juu ya dumu, karibu nusu saa, ndipo tukampeleka zahanati. Mganga akasema maji yale ndiyo yaliyomwokoa ngozi. Alibaki na kovu la ukubwa wa kiganja. Sasa betri kwangu inakaa imesimama, ndani ya beseni la plastiki, kivulini, mbali na boksi. Ikidondosha sakafuni namwaga magadi mpaka povu liishe, kisha maji. Hakuna kuipasua kutoa metali ya risasi iliyomo, na hakuna kumwaga ile tindikali mtaroni ili iwe nyepesi kubeba. Risasi ni sumu, na watoto ndio inaowaharibu zaidi. Mtaro wetu unapita nyuma ya nyumba zenye watoto.

Kuchoma nyaya nilikuwa nawaruhusu mwanzoni. Jioni vijana wanawasha moto nyuma ya gereji, moshi mweusi, mpira unayeyuka, shaba inabaki. Mtoto wa jirani ana pumu. Mama yake alikuja mara moja kwa upole, mara ya pili akaja na mjumbe. Ule mpira wa nyaya ni plastiki yenye klorini, na moshi wake unachoma mapafu na kubeba sumu nyingine mbaya zaidi zisizoonekana. Nilitaka kubisha, lakini mnunuzi wa shaba akanimalizia ubishi bila kujua: shaba iliyomenywa ilikuwa 13,000, iliyochomwa 11,000, kwa sababu imeungua na kushika masizi. Tukapigilia wembe wa randa kwenye ubao, ukiwa umelala mshazari, unavuta waya juu yake na ganda linafunguka kama ngozi ya muhogo. Nyaya nyembamba sana ambazo hazimenyeki nauza na ganda lake kwa bei ya chini. Moto umekwisha.

Sindano zipo kwenye mifuko ya taka kila mahali, si hospitali tu. Usiingize mkono ndani ya salfeti usiyoijua, hata ukiwa na glovu, kwa sababu glovu ya kitambaa haizuii sindano. Mimina chini, tumia fimbo yenye ndoana. Binti wangu wa vizibo alichomwa kidoleni. Tuliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, bila kukamua, tukaenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuna dawa za kinga ya Virusi vya UKIMWI zinazotolewa kwa aliyechomwa, lakini zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Alimeza siku 28, zilimchosha tumbo, yuko salama. Chanjo ya pepopunda sote pale bandani tumechoma; kwa watu wanaokatwa na bati lenye kutu kila wiki sioni kwa nini mtu asubiri.

Na kuna chuma ambacho hakiguswi. Wenyeji wa Gongo la Mboto hatuhitaji kuelezwa sana, tuliona Februari 2011 mabomu ya kambi ya jeshi yakiruka usiku na kuangukia majumbani, kama ilivyokuwa Mbagala Aprili 2009. Mzee mmoja anayeniuzia chuma aliniambia siku ya kwanza kabisa: "Mwanangu, chuma chenye umbo la chupa au embe, kizito, chenye pete au mapezi, usikipime. Ita polisi." Nilidhani anatia chumvi. Lakini Novemba 2017 huko Ngara, Kagera, bomu la mkono lililookotwa na mwanafunzi akidhani ni chuma chakavu cha kuuza lililipuka shuleni na kuua wanafunzi watano. Watoto wanaokuja kwangu na mifuko ya chuma nawarudisha. Mwanzoni nilikuwa nawapa mia mbili mia mbili kwa huruma, mpaka nilipofikiri ninachowatuma kutafuta. Mitungi ya gesi, shokapu na kitu chochote kilichofungwa kabisa pia hakikatwi wala kugongwa pale kwangu. Kinabaki hivyo mpaka aje mwenye vifaa.

Deni la dada nililimaliza mwezi wa kumi na nne. Siku hizi makopo ni kama ada ya mlango, yanawaleta vijana. Kinachonilisha ni plastiki ngumu, alminiamu na shaba kidogo. Leo asubuhi nimepiga simu zangu tatu. Wa kwanza hakupokea. Wa pili ameshusha 30. Wa tatu anasema bei ileile, ila mizani yake imeharibika, amenunua mpya, niende tu.

Nimelijaza dumu, bodaboda yuko nje.